Jinsi ya Kupunguza Kilo Nane kwa Kalamu

Njia ya haraka kuliko zote ya kupunguza uzito haihitaji kufunga, kukimbia ufukweni wala kunywa maji ya ndimu alfajiri. Inahitaji kalamu, karatasi na mtu asiyeijua vizuri hesabu ya BMI. Jiongezee sentimita kumi za urefu, kilo nane zimeondoka. Zidisha kwa mbili pale ulipotakiwa kuzidisha urefu kwa urefu, kilo kumi na nne zimeondoka. Kadirisha namba kabla ya wakati wake, nyingine kumi na ushee hizo. Sketi tu ndiyo itakayokataa kukubaliana nawe, kwa sababu yenyewe haisomi karatasi.

Mwongozo huu unazipitia njia hizo za mkato na kuweka hesabu ya kweli kando ya kila moja. Nazicheka njia zenyewe, lakini jambo lenyewe naliona ni zito. Mtu aliyeandikiwa namba isiyo yake anaweza kurudi nyumbani ametulia ilhali alipaswa kupimwa presha na sukari, na mwingine akapata hofu asiyostahili. Na hesabu inayowakosesha wote wawili ni ya darasa la sita.

BMI ni namba moja inayopatikana kwa kuugawanya uzito wa mtu kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe. Uzito uwe kwa kilo, urefu uwe kwa mita. Basi.

```
BMI = uzito (kg) / (urefu (m) × urefu (m))
```

Tumchukue mama mmoja muuza vitenge, mtu mzima, si mjamzito. Mizani inasema kilo 72. Ukutani amepimwa sentimita 160. Huyu tutakwenda naye mpaka mwisho, na kila kosa tutalifanyia kwenye namba zake ili tuone linampeleka wapi.

Kwanza tunazigeuza sentimita kuwa mita kwa kugawanya kwa 100, nazo zinakuwa 1.60. Pili, tunazidisha 1.60 kwa 1.60. Asiye na kikokotoo azidishe 16 kwa 16, apate 256, kisha arudishe nukta tarakimu mbili, apate 2.56. Tatu, tunagawanya 72 kwa 2.56. Humo 2.56 inaingia mara 28, ambazo ni 71.68, inabaki 0.32, na 0.32 ni sehemu moja ya nane ya 2.56. Jibu ni 28.125, nasi tunaliandika 28.1.

Mipaka inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni hii: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 18.5 hadi kabla ya 25 ni uzito wa kawaida. Kuanzia 25 hadi kabla ya 30 ni uzito uliozidi. 30 na kuendelea ni kiribatumbo. Mama yetu yuko kwenye uzito uliozidi. Sasa tuone jinsi anavyoweza kutolewa humo bila kuacha hata chapati moja.

Kosa lililo hatari kuliko yote ni la kusoma kialama kidogo cha mbili kilichoandikwa juu ya urefu, kile tulichofundishwa kukiita kipeo cha pili, na kudhani kinasema "mara mbili". Mtu huyo huchukua 1.60, huizidisha kwa 2, hupata 3.20, halafu hugawanya 72 kwa 3.20. Jibu lake ni 22.5. Namba safi kabisa, iko katikati ya uzito wa kawaida, na mama anapongezwa. Ili apate 22.5 ya kweli kwa urefu wake angelazimika kuwa na kilo 57.6, maana yake kalamu imemtoa zaidi ya kilo kumi na nne kwa mpigo mmoja.

Ninaliita hatari kwa sababu halijionyeshi. Baadhi ya makosa mengine ya hesabu hii hutoa majibu ya ajabu ambayo hata mgeni huyashtukia. Ukisahau kugeuza sentimita ukagawanya 72 kwa 160 mara 160, yaani kwa 25,600, unapata 0.0028125, na hapo unajua mara moja kwamba hakuna binadamu wa namna hiyo. (Dawa yake ni kuzidisha jibu hilo kwa 10,000, likawa 28.125 ileile.) Ukigawanya kwa urefu mara moja tu ukaishia hapo, unapata 45, na mtu unayemtazama mbele yako hafanani na 45. Lakini 22.5 inafanana na ukweli, inapita mbele ya macho ya mpimaji na ya mpimwaji bila kuulizwa.

Namna ya kuikamata ni kuitazama namba ya chini kabla ya kugawanya. Mara mbili na kipeo cha pili hukutana mahali pamoja tu, kwenye mita 2 kamili, kwani 2 mara 2 ni 4 kwa njia zote mbili. Kwa kila mtu aliye mfupi kuliko hapo, kipeo cha pili cha urefu wake ni lazima kiwe kidogo kuliko urefu mara mbili. Mwenye mita 1.50 anagawanya kwa 2.25, ukiona 3.00 kwenye karatasi yake, mtu amezidisha kwa mbili. Mwenye 1.70 anagawanya kwa 2.89, ukiona 3.40, ni habari ileile. Na kadiri mtu anavyokuwa mfupi ndivyo kosa hili linavyompunguzia zaidi, kwa hiyo linawapotosha wanawake kuliko wanaume, na wafupi kuliko warefu.

Anayeanza huuliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini basi urefu uzidishwe kwa wenyewe, usitumike mara moja tu? Jibu lina miaka karibu mia mbili. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyezaliwa mjini Ghent mwaka 1796, hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, na alichokuwa akikitafuta ni umbo la mtu wa wastani. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alieleza jambo aliloliona katika vipimo vya watu wengi. Kama mtu mrefu angekuwa ni mtu mfupi aliyekuzwa sawasawa kila upande, urefu, upana na unene, basi kuongezeka urefu kwa asilimia 10 kungeongeza uzito kwa asilimia 33. Watu wazima hawako hivyo. Warefu hawapanuki kwa kiasi kilekile wanachorefuka, na uzito wao hupanda karibu na asilimia 21, ambayo ndiyo unayoipata ukizidisha 1.1 kwa 1.1. Ukigawanya uzito kwa urefu mara moja, mtu mrefu ataonekana mnene kwa sababu tu ni mrefu. Ukigawanya kwa kipeo cha pili, sehemu kubwa ya urefu inaondolewa kwenye hesabu, na kinachobaki kinaeleza ni kiasi gani mtu amejaa kwa kimo chake.

Jina la BMI lilikuja baadaye sana. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake walilinganisha njia mbalimbali za kuunganisha uzito na urefu, wakitumia vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000, wakaona ile ya Quetelet inafaa kuliko nyingine rahisi, nao ndio walioipa jina tulilonalo. Wote waliopimwa walikuwa wanaume. Nitalirudia jambo hilo nikifika kwenye mipaka ya kipimo.

Kosa la pili linapitia kwenye kikokotoo. Mtu anaandika 72, anabonyeza alama ya kugawanya, 1.6, alama ya kuzidisha, 1.6, na sawasawa. Kioo kinamjibu 72. Anadhani simu imeharibika. Simu iko salama, imefuata magazijuto kama alivyofundishwa yeye mwenyewe: imegawanya kwanza, ikapata 45, halafu ikazidisha kwa 1.6 na kumrudishia kilo zake zilezile. Ukiona jibu la BMI linalingana na uzito, hapo ndipo penye kosa. Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni mabano, kama yalivyo kwenye kanuni pale juu. Ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa sababu inafanya kazi hata kwenye vikokotoo vya dukani visivyo na mabano, ni kugawanya mara mbili mfululizo.

```
72 ÷ 1.6 ÷ 1.6 = 28.125
```

Kosa la tatu ni ukarimu wa kukadirisha. Mtu amefika 2.56, anaona desimali zinamchosha, anaandika 3. Kisha 72 kugawanya kwa 3 ni 24, na mama amerudi kwenye uzito wa kawaida, kilo kumi na nusu zikiwa zimeyeyuka ndani ya namba moja. Hata kuandika 2.6 badala ya 2.56 kunamshusha hadi 27.7. Acha desimali zote zibaki mpaka mwisho. Kinachokadirishwa ni jibu peke yake, tena kwa tarakimu moja baada ya nukta.

Mpaka hapa tumechukulia kwamba 72 na 160 ni kweli. Mara nyingi urefu si kweli. Uzito watu huupima, urefu huukumbuka. Wanautoa kwenye kitambulisho, au kwenye fomu iliyojazwa walipokuwa na miaka kumi na tisa, na wengine huutaja tu.

"Mama, urefu wako?"

"Andika mita moja na sabini, mwanangu."

Mwanangu akiandika, 1.70 mara 1.70 ni 2.89, na 72 kugawanya kwa 2.89 ni 24.9. Sentimita kumi za heshima zimemtoa kwenye uzito uliozidi na kumweka ukingoni mwa uzito wa kawaida. Kwa urefu wake halisi, 24.9 ingemtaka awe na kilo kama 64, na hizo ndizo kilo nane zilizoko kwenye kichwa cha mwongozo huu. Sababu ya urefu kuwa na nguvu hivi ni kwamba unaingia kwenye hesabu mara mbili: ukiukosea kwa asilimia 1, jibu linakosewa kwa karibu asilimia 2. Kwa mama huyu, sentimita moja ya uongo inabadilisha jibu karibu sawa na kilo nzima ya uzito. Ndiyo maana namshangaa mtu anayevua saa na pete kabla ya kupanda mizani, kisha anautaja urefu wake kwa kubahatisha.

Kupima urefu nyumbani hakuna fumbo. Tafuta ukuta ulionyooka na sakafu ngumu. Vua viatu, vua kofia au kilemba, na kama nywele zimefungwa fundo la juu, zishushe. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, miguu iwe pamoja, macho yatazame mbele, kidevu kisiinuliwe. Mtu mwingine aweke kitabu chenye jalada gumu juu ya kichwa, upande mmoja ukibana ukuta, na achore mstari mdogo chini yake. Kisha pima kwa futikamba kutoka sakafuni hadi kwenye mstari. Rudia, vipimo viwili vikipishana zaidi ya nusu sentimita, kuna kilichoinuliwa. Asubuhi utakuwa mrefu kidogo kuliko jioni, kwa sababu diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa kwa kusimama mchana kutwa, na tofauti hufika karibu sentimita moja. Zile mashine za barabarani zinazopiga sauti kutoka juu na kukusomea urefu hazina namna ya kujua mwisho wa fuvu na mwanzo wa nywele, kwa hiyo mwenye msuko mrefu juu ya kichwa ataondoka na sentimita za msusi.

Wanaotumia futi nao wana mtego wao. Futi 5 na inchi 3 huandikwa 5.3, na kesho yake mwingine huisoma kama futi tano na desimali tatu. Lakini futi moja ina inchi 12, si 10. Geuza zote kuwa inchi kwanza: 5 mara 12 ni 60, ongeza 3, ni 63, zidisha kwa 2.54, unapata sentimita 160. Kwa futi 5 na inchi 10 kosa hili ni baya zaidi, kwani 5.10 iliyosomwa kama desimali inampa mtu sentimita 155 badala ya 178.

Kwa uzito nitasema machache. Mizani ikae sakafuni penye ugumu, si juu ya zulia wala mkeka, na isome sifuri kabla hujapanda. Viatu, simu, funguo na mkoba wa mauzo vibaki chini. Pima kwa mizani ileile na saa ileile ukitaka kulinganisha mwezi na mwezi.

Sasa kuhusu mipaka ya kipimo chenyewe. BMI inajua vitu viwili tu, kilo na mita. Haijui kilo hizo ni za nini. Mchukuzi wa mizigo bandarini mwenye mabega mapana na karani mwenye kitambi wanaweza wote kuwa na kilo 72 na mita 1.60, na wote wataandikiwa 28.1. Misuli ni mizito, na kipimo hakiitofautishi na mafuta. Kwa mzee hali hugeuka: misuli imepungua, mafuta yameongezeka, na namba inaweza kubaki nzuri wakati mwili umebadilika. Wanawake kwa kawaida wana mafuta mengi kuliko wanaume wenye BMI sawa nao, na hapo ndipo lile kundi la wanaume watupu la mwaka 1972 linapostahili kukumbukwa.

Kwa hiyo 28.1 ya mama yetu inahitaji swali la pili, na swali hilo hujibiwa kwa futi ya fundi cherehani. Izungushe tumboni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, asimame wima, asome baada ya kutoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Shirika la Afya Duniani linachukulia zaidi ya sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume kuwa dalili kwamba hatari ya magonjwa kama kisukari na presha imepanda. Zaidi ya 88 na 102, imepanda sana. Mafuta yaliyojikusanya tumboni ndiyo yanayotia wasiwasi zaidi, nayo BMI haiyaoni. Mchukuzi na karani wetu watatengana hapo.

Kuna na wasioingia kabisa kwenye ile mipaka ya 18.5, 25 na 30. Watoto na vijana hadi miaka 19 hukokotolewa kwa kanuni ileile, lakini jibu lao husomwa kwenye chati za umri na jinsia, kwani namba iliyo sawa kwa msichana wa miaka sita si sawa kwa yule wa kumi na tano. Walio chini ya miaka mitano huwa na chati zao za uzito kwa umri na uzito kwa urefu. Mjamzito amebeba mtoto, maji na kondo, kwa hiyo uzito wake wa sasa hausemi habari zake peke yake. Mwenye uvimbe wa maji kutokana na ugonjwa wa moyo, figo au ini naye anapimwa pamoja na maji hayo. Namba ikipanda ndani ya siku chache na miguu ikibonyea ukiiminya kwa kidole, hayo si mafuta, na mtu huyo anatakiwa kwa daktari upesi. Na kwa watu wenye asili ya Asia, ambao wako wengi tangu Mombasa hadi Dar es Salaam, wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza mwaka 2004 kwamba tahadhari ianze mapema, kwenye 23 na tena kwenye 27.5, kwa sababu kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi.

Imebaki hesabu moja, na mama mwenyewe ndiye angeiuliza kwanza: "Haya, nikitaka nirudi chini ya ishirini na tano, niwe na kilo ngapi?" Geuza kanuni. Badala ya kugawanya, zidisha mpaka unaoutaka kwa ile 2.56. Ishirini na tano mara 2.56 ni kilo 64. Kumi na nane na nusu mara 2.56 ni kilo 47.4. Kwa urefu wake, uzito wa kawaida ni kuanzia kilo 47.4 hadi kabla ya 64, na yeye anahitaji kushuka zaidi ya kilo nane, safari hii kwa miguu. Kilo moja ikitoka, BMI yake inashuka kwa 0.4 hivi, kwa hiyo asitarajie namba icheze wiki hadi wiki. Na kwa kuwa urefu wa mtu mzima haubadiliki haraka, hana haja ya kurudia hesabu nzima kila mara. Aiandike 2.56 nyuma ya kadi yake ya kliniki. Kila atakaposhuka kwenye mizani atagawanya mara moja tu, hata akiwa amesimama kwenye foleni ya dawa.